Kuku wanakufa na shingo zimepinda: jinsi ya kuripoti na kupimiwa kideri ukiwa Nairobi

Nilikuwa na kuku 84 huku Ruai: kienyeji 60 waliokaribia kutaga, na vifaranga 24 katika chumba chao. Jumatatu walikufa watatu, Jumanne tisa, Jumatano kumi na saba. Asubuhi hiyo ya Jumatano nilimkuta tetea mmoja kwenye kona, shingo imejiviringa mpaka uso unatazama juu. Punje ya mahindi ilikuwa mbele ya miguu yake, naye kila akijaribu kuidonoa mdomo uligonga hewa. Wengine walikuwa wakihema midomo wazi, na sakafu ilikuwa imejaa kinyesi cha kijani chenye majimaji.

Mpaka wimbi lile linaisha nilikuwa nimepoteza 51 kati ya wale 60. Sehemu ya hasara hiyo isingeepukika, kwa kuwa kideri, ambacho wengi wetu hapa hukiita Newcastle, kikishaingia katika kundi lisilo na chanjo hakina dawa. Lakini nilipoteza siku nne kwa sababu sikujua nianzie wapi na nipeleke nini. Naandika hasa kuhusu siku hizo nne.

Mbili za kwanza ziliishia kwenye agroveti. Nilieleza dalili, nikauziwa antibaiotiki ya kutia kwenye maji, nikaambiwa ningoje. Antibaiotiki haiui virusi. Huenda ikasaidia pale bakteria wamefuatia katika mapafu ya kuku aliyedhoofika, ila kideri chenyewe haikigusi. Ukiona vifo vinaongezeka kila siku, kinyesi cha kijani, na shingo, mguu au bawa limelegea au kupinda, usinunue dawa kwanza. Piga simu.

Nani apigiwe simu

Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa. Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, huduma za mifugo mashinani ziko chini ya kaunti, huku maabara kuu na Kurugenzi ya Huduma za Mifugo kule Kabete zikibaki kwa serikali kuu. Ni ofisi mbili, na kila moja ina taratibu zake za malipo. Taarifa ya ugonjwa humwendea daktari wa mifugo wa kaunti ndogo yako, na uchunguzi hufanywa maabara. Nilianza kwa kubisha katika ofisi ambayo haikuhusika kabisa, nikarudi nyumbani jioni bila kitu.

Mpigie daktari wa kaunti ndogo hata kama tayari umemwita daktari wa kibinafsi. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama, Sura ya 364, inamtaka mwenye mifugo anayeshuku ugonjwa wa kutangazwa, yaani ambao lazima uripotiwe, kutoa taarifa na kuwatenga wanyama wake. Ipo pia sababu ya manufaa yako mwenyewe: yeye ndiye atakayekuelekeza namna ya kupeleka sampuli bila kuvunja masharti ya kutosafirisha kuku wagonjwa, na ndiye utakayerudi kwake baadaye ukihitaji kibali cha kusafirisha kuku. Akikukuta kwenye rekodi tangu siku ya kwanza, kazi inakuwa nyepesi.

Ukimwita wa kibinafsi, muulize nambari yake ya usajili katika Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Aliyesajiliwa huitaja bila kusitasita.

Kuku anavyopaswa kufika maabara

Hatua hii ndiyo iliyonigharimu zaidi. Jumatano usiku niliwatia maiti watatu kwenye friza nikidhani nawahifadhi. Alhamisi nikawafikisha wakiwa wagumu kama mawe, nikaambiwa hawafai kwa uchunguzi wote uliohitajika. Barafu inapojijenga ndani ya nyama hupasua chembe zake, na anayepasua maiti hawezi tena kutofautisha damu iliyovuja kwa ugonjwa na madhara ya friza. Nilirudi nyumbani, nikaanza upya Ijumaa.

Kinachotakiwa ni kuku waliokufa saa chache zilizopita, wawili au watatu, pamoja na sampuli kutoka kwa wagonjwa walio hai. Usiwapasue wala usiwanyonyoe. Kila mmoja mtie katika mfuko wa plastiki, funga, kisha tia katika mfuko wa pili. Waweke kwenye sanduku la baridi lenye barafu, na kati ya barafu na maiti weka gazeti au kitambaa ili wabaki baridi bila kuganda. Kama alikufa usiku na hukumwona mpaka saa nne asubuhi wakati jua limeshapiga bati, tafuta mwingine. Kwenye joto matumbo huoza haraka, na daktari atashindwa kuona anachokitafuta.

Anatafuta nini? Zaidi ya yote, vidonda vya damu katika tumbo dogo lililo juu ya firigisi, na kwenye tezi zilizo karibu na matumbo mawili yaliyozibika mwishoni. Vikiwepo, shaka ya kideri huwa kubwa, lakini havitoshi kuthibitisha. Uthibitisho hutoka kwenye kipimo cha PCR kinachotafuta virusi vyenyewe katika ute wa koo, wa tundu la haja, au katika ubongo, wengu na mapafu.

Wagonjwa walio hai ni afadhali daktari aje kuwachukulia ute kwa pamba nyumbani kwako. Usimpakie kuku anayepiga chafya kwenye matatu au kwenye tenga la bodaboda. Mate, kinyesi na manyoya yake hubaki pale, na abiria anayefuata huenda akawa anapeleka vifaranga Njiru.

Jambo la pili linalokwamisha watu ni historia. Usiende ukitegemea kukumbuka. Mimi Ijumaa nilikuwa na karatasi moja, na kwa kuwa iliharakisha mambo, hivi ndivyo ilivyosomeka:

Kuku wakubwa 60, umri wa miezi mitano. Vifaranga 24, wiki tatu, chumba tofauti. Vifo: Jumatatu 3, Jumanne 9, Jumatano 17, Alhamisi 14. Chanjo: hakuna iliyorekodiwa. Dawa iliyotolewa: antibaiotiki kwenye maji, siku mbili. Kuku wapya: matetea wanne kutoka sokoni, Jumanne ya wiki iliyopita.

Daktari aliuwekea mstari wa mwisho alama kwa kalamu. Kutoka Jumanne ile mpaka Jumatatu ya vifo vya kwanza ni siku sita. Kideri kwa kawaida hujitokeza siku tano au sita baada ya kuku kuambukizwa, ingawa chaweza kuchukua siku mbili hadi kumi na tano. Matetea wale walionekana wazima nilipowanunua, na niliwachanganya na wengine siku hiyohiyo.

Ukiwa pale, omba wapime mafua ya ndege pia. Kwa macho, magonjwa haya mawili ni vigumu kuyatenganisha: vifo vya ghafla, kuhema, shingo kupinda. Mafua ya ndege yalithibitishwa Uganda Januari 2017, na Kenya ikafunga mlango kwa kuku wa kutoka huko. Ndiyo maana shingo iliyopinda pekee haitoshi kumfanya mtu aseme kwa uhakika ni kideri. Ugonjwa wa Mareki na upungufu wa vitamini nao hupinda shingo na miguu, ila hao hawaui kumi na saba kwa siku moja.

Kabla ya kulipa, uliza kipimo kipi kimeombwa na ada yake, na ulipie kupitia njia rasmi utakayoonyeshwa, yaani eCitizen kwa huduma za serikali kuu. Risiti ihifadhi pamoja na nambari ya sampuli. Ukipiga simu kuulizia majibu, nambari hiyo ndiyo hutafutwa, jina lako halisaidii sana.

Unapongoja majibu

Usiuze. Najua inavyouma kumwona jogoo wa miezi mitano akisimama vizuri huku wenzake wakifa, na kujua kwamba leo bado ana bei. Nilipigiwa simu na mnunuzi Alhamisi hiyo. Jogoo huyo anaweza kuwa tayari ana virusi, na akifika sokoni atawaachia watu wengine Jumatatu kama yangu.

Maiti wachimbie shimo lenye kina cha mita moja na nusu hivi, mbali na kisima, uwafunike kwa chokaa kisha udongo. Kama ploti yako ni ya saruji tupu, mwulize daktari wa kaunti ndogo pa kuwateketezea. Usiwatupe jalalani, kwa kuwa mbwa huwasambaza mtaa mzima.

Vifaranga wangu walipona kwa utaratibu mdogo tu. Tuliwahudumia wao kwanza kila asubuhi, kabla ya kukaribia banda kubwa, kwa viatu vya mpira vilivyobaki mlangoni kwao na ndoo yao wenyewe. Daktari aliwachanja Ijumaa kwa tone la jicho. Kuchanja wakati moto umeshawaka kuna mpaka wake: kinga huchukua wiki moja hadi mbili kujengeka, na aliyekwisha ambukizwa atakufa vilevile. Kwa hiyo huchanjwa wale ambao bado hawajafikiwa. Kati ya 24 nilibaki na 22.

Wewe mwenyewe ukishika wagonjwa, usijisugue macho. Virusi hivi huweza kumpa mtu macho mekundu kwa siku chache.

Baada ya majibu

Karatasi ya majibu iliposema ni kideri na kwamba mafua ya ndege hayakuonekana, niliipeleka kwa daktari wa kaunti ndogo. Alinipa utaratibu wa kusafisha na siku za kungoja. Shirika la Afya ya Wanyama Duniani huhesabu siku 21 kwa ugonjwa huu, nami nilihesabu kuanzia siku nilipomaliza usafi, si siku ya kifo cha mwisho. Toa matandiko yote, sugua kwa sabuni, acha pakauke, ndipo upulize dawa ya klorini. Ukipuliza juu ya kinyesi, dawa inaishia kwenye kinyesi.

Chanjo sasa naitoa kwa tone la jicho. Ile ya maji nimeiacha, kwa kuwa maji ya mfereji wa Nairobi yana klorini inayoua virusi hai vya chanjo. Anayelazimika kutumia maji huongeza gramu mbili au mbili na nusu za maziwa ya unga yasiyo na mafuta kwa kila lita, na kuku wayamalize ndani ya saa mbili. Taasisi ya KEVEVAPI hutengeneza chanjo ya kideri inayostahimili joto zaidi, AVIVAX I-2, ambayo huwafaa wasio na friji ya uhakika. Hata hiyo huiweka mbali na jua, na ninairudia kila miezi mitatu.

Namna ninavyoitoa: mtoto wangu anamshika kuku kwapani, kichwa kimelala upande, mimi naangusha tone moja. Hatumwachilii mpaka apepese jicho na tone lizame. Lisipozama, narudia, kisha naandika tarehe na nambari ya chupa ukutani, kando ya mlango.