Kadi ya Idi kwa hoteli unayoiuzia samaki, mie naifanya hivi

Hii ni kwa wale tunaopeleka samaki, mboga au viungo mahotelini, kule Nungwi, Paje na kwengineko.

Hatua ya 1. Andika majina ya watu, si jina la hoteli. Yule wa stoo anaekupimia mzigo alfajiri, shefu, na dada wa akaunti anaepitisha inivoisi zako. Kila mmoja na kadi yake.

Hatua ya 2. Chapisha. Karatasi ngumu ya gramu 300, saizi A5 ikikunjwa inakuwa A6. Ndani isiwe ya kung'aa mana wino wa biki haukauki haraka, unapakazika. Nje "Idi Mubarak" inatosha, jina la biashara yako liwe dogo kule nyuma. Aya ya Kurani usitie, kadi mwisho wake huishia jaani. Tarehe ya Idi nayo usichapishe, mwezi haujaandama we ushaandika siku, alafu tukifunga 30 je? Weka Shawwal na mwaka wa Hijria basi.

Hatua ya 3. Maneno, na hapa ndo pa kukaa. Andika kwa mkono, utaje jambo moja lililotokea kweli baina yenu. Kwa mfano bwana wa stoo wa Nungwi:

"Kaka, Idi Mubarak wewe na nyumba yako. Sijasahau ile wiki ya kusi boti zilipokaa pwani, nikakuletea changu badala ya nguru nawe ukapokea bila ya maneno, ukazungumza na shefu mwenyewe. Ahsante sana. Mwenyezi Mungu atutakabalie funga zetu."

Basi, hakuna "tunathamini ushirikiano wenu", hakuna "karibuni tena". Ukimaliza isome, ikiwa unaweza kuipeleka hoteli nyengine bila ya kubadilisha kitu, hiyo bado, andika tena. Na shefu akiwa Mkristo kutoka bara, hayo ya funga yatoe, mtakie sikukuu njema yeye na watu wa jikoni kwake, alafu kadi yake hasa mpe Krismasi.

Hatua ya 4. Bahasha iwe na kadi tu. Ukitia listi ya bei ishakuwa tangazo. Pesa ndo usithubutu kabisa, mkono wa Idi ni wa watoto, kwa mtu anaekupokelea mzigo bosi wake ataiita rushwa na hatokuwa amekosea.

Hatua ya 5. Peleka mwenyewe, funga ya 25 hivi mpaka ya 27, mana baada ya hapo wengi washakwenda shamba au Pemba kwao. Kabidhi mzigo kwanza, deliverinoti isainiwe, ndo utoe kadi. Na kama hoteli ina deni lako, siku hiyo usilitaje hata kwa utani, utapiga simu ya deni Idi ikisha, watu washarudi kazini.