Chora mwenyewe mchoro wa mavuno, uone kwa nini muda mrefu hulipwa zaidi

Mchoro wa mavuno huonyesha faida unayopata ukiikopesha serikali kwa muda mfupi au mrefu. Nitatumia hati za mkopo za serikali ya Kenya, kwa kuwa matokeo ya minada yake yako wazi kwenye tovuti ya Benki Kuu. Daftari na rula vinatosha.

Hatua ya 1: Kusanya viwango. Chukua wastani wa viwango vilivyokubaliwa kwa bili za Hazina za siku 91, 182 na 364, kisha hatifungani za miaka mbalimbali, zote za tarehe zinazokaribiana. Wengi hukosea hapa. Usiandike riba iliyochapishwa kwenye hatifungani. Andika mavuno, yaani faida halisi kwa bei ya leo. Tena hesabu miaka iliyobaki. Kwa mfano, hatifungani FXD1/2018/015 ilitolewa 2018 kwa miaka 15, kwa hiyo mwaka 2026 iweke penye miaka 7. Hatifungani za miundombinu ziache kando: hazikatwi kodi, hivyo mavuno yake huwa chini na yatapotosha mchoro.

Hatua ya 2: Chora. Miaka chini, mavuno kando, unganisha nukta. Kwa kawaida mstari hupanda.

Hatua ya 3: Pima hatari ya bei. Hii ndiyo sababu kubwa. Tuseme una hatifungani mbili za shilingi 1,000,000, zote zikilipa asilimia 12 mara moja kwa mwaka. Moja imebakiza mwaka 1, nyingine miaka 10. Riba sokoni ikipanda hadi asilimia 14, ya kwanza itauzwa kama 982,000:

```
1120000 / 1.14
```

Ya pili itashuka hadi kama 896,000:

```
120000*(1-1.14^-10)/0.14 + 1000000/1.14^10
```

Mshtuko ni uleule, lakini hasara ya pili ni karibu mara sita. Ukipatwa na ada ya shule au ugonjwa ukalazimika kuuza, utaumia zaidi. Ongeza mfumuko wa bei, ambao hakuna ajuaye utakuwaje miaka 10 ijayo, na utaelewa kwa nini mkopeshaji hudai nyongeza.

Hatua ya 4: Tenganisha nyongeza na matarajio. Ikiwa mwaka 1 unalipa asilimia 10 na miaka 2 inalipa 11 kwa mwaka, piga:

```
1.11^2 / 1.10 = 1.1201
```

Mwaka wa pili peke yake unalipa kama asilimia 12. Ukiamini riba ya mwaka mmoja itabaki 10 mwakani, zile asilimia 2 za ziada ni malipo ya kufunga fedha. Ukiamini itafika 12, hakuna nyongeza. Mchoro wenyewe haukuambii lipi ni lipi. Hapo unahitaji maoni yako kuhusu riba ya Benki Kuu.

Matarajio yakiwa na nguvu, huimeza nyongeza. Marekani, kuanzia Julai 2022 kwa takriban miaka miwili, hatifungani za miaka 2 zililipa zaidi kuliko za miaka 10, kwa sababu benki kuu yao ilipandisha riba haraka na soko likaamini ingeshuka baadaye. Ukiona mstari wako umeinama hivyo, hakiki kwanza hatua ya 1, hasa tarehe za minada.