Jinsi ya kujibu mwaliko wa mkutano kwa Maybe yenye masharti na tarehe

Mimi ni katibu wa kikundi cha wavuvi hapa Lamu, na mikutano yetu mingi ya maana hufanyika Malindi. Kwenda huko ni boti hadi Mokowe, kisha basi kupitia Witu na Garsen. Mkutano ukiwa Alhamisi asubuhi, mimi sharti niondoke Jumatano, nami hurudi Ijumaa. Siku tatu zimekwenda. Ndiyo maana siku ninapopokea mwaliko huwa bado kuna jambo sijalijua: kama nauli ipo, au kama kazi ya kikundi itaniruhusu.

Zamani mwaliko wa kalenda ukinifikia kwenye simu, nilikuwa nikibonyeza kitufe cha Maybe, yaani labda, na kuendelea na shughuli zangu. Kisha siku moja mwandaaji akanilipia chumba cha usiku mmoja, nami sikutokea. Baadaye alinionyesha simu yake: kando ya jina langu palikuwa na alama ya kuuliza tu. Hakuwa na njia ya kujua nilikuwa nangoja nini, wala ningesema lini. Tangu siku hiyo mimi hujibu kwa namna ninayoieleza hapa. Nitatumia mwaliko mmoja: mkutano wa Malindi, Alhamisi tarehe 18 Septemba, saa nne asubuhi.

Hatua ya kwanza: tafuta sharti lenye mwenyewe. Kabla ya kugusa kitufe, jiulize ni nini hasa kinachokuzuia kusema ndiyo sasa hivi. "Nikipata nafasi" si sharti, maana hakuna mtu wa kuliamua na hakuna siku litakapokwisha. Sharti ni jambo ambalo unaweza kumtaja anayeliamua, na jibu lake likawa ndiyo au la. Mimi nilikuwa na mawili. Mkaguzi wa hesabu alikuwa anakuja kwetu wiki ileile, na mimi ndiye mwenye vitabu. Kwa hiyo sharti la kwanza ni kwamba amalize kabla ya Jumatano tarehe 17. La pili ni mwekahazina kuidhinisha nauli. Ukijikuta na masharti manne au matano, kataa tu kwa heshima na mapema, kwa sababu mwandaaji hawezi kupanga chochote juu ya jibu la namna hiyo.

Hatua ya pili: ihesabu tarehe kutoka upande wa mwandaaji. Hapa ndipo wengi wetu hukosea. Huchagua siku ambayo wao watajua, wakasahau kwamba mwenzao ana siku yake ya kulipa. Mimi huuliza kwanza, kwa simu au ujumbe mfupi: "Bi Mratibu, hesabu ya chakula na vyumba mwaipeleka lini?" Akaniambia Ijumaa tarehe 12, saa sita mchana. Basi siku yangu ya mwisho ikawa Alhamisi tarehe 11 jioni, ili hata mtandao ukinisumbua nibaki na asubuhi moja ya kupiga simu.

Lakini mkaguzi alikuwa ameahidi kunipa ratiba yake Ijumaa hiyohiyo alasiri. Siku zikigongana hivi, usimrushie mwandaaji tatizo lako. Nenda kwanza kwa anayeliamua sharti umwombe jibu mapema. Mkaguzi alikubali kuniambia Alhamisi. Asingekubali, ningepunguza ninachokiomba. Kiti ukumbini hakimgharimu mwandaaji chochote hadi asubuhi ya mkutano, ila chumba kinalipiwa. Ukiomba uwekewe kiti peke yake, unaweza kuthibitisha baadaye kidogo bila kumtia mtu hasara. Na kama hata hilo haliwezekani, mtume mwenzako.

Hatua ya tatu: andika barua. Hii ndiyo niliyoipeleka:

> Assalaam alaikum Bi Mratibu,
>
> Nimepokea mwaliko wa mkutano wa Malindi, Alhamisi tarehe 18 Septemba, saa nne asubuhi (10:00). Naukubali kwa masharti mawili: mkaguzi wetu wa hesabu awe amemaliza kazi kabla ya Jumatano tarehe 17, na mwekahazina awe ameidhinisha nauli yangu.
>
> Nitathibitisha kwa barua pepe Alhamisi tarehe 11 Septemba, kabla ya saa kumi na moja jioni (17:00). Hadi hapo naomba uniwekee kiti tu. Chumba tafadhali usikilipie. Usiponisikia kufikia saa hiyo, naomba unihesabu kuwa sitakuja, na nafasi umpe mwingine.
>
> Wako, Katibu

Sentensi inayoanza na "usiponisikia" ndiyo ninayoithamini kuliko zote. Bila hiyo, kimya chako kinabaki fumbo na mwandaaji analazimika kukufuata kwa simu. Ukiiandika, hata kimya kina maana moja.

Saa nimeziandika kwa namna mbili kwa sababu kalenda ya simu husema 10:00 na sisi twasema saa nne. Siku nazo ziandike kwa tarehe. Kwetu pwani mtu akisema "usiku wa Ijumaa", wazee wataelewa usiku wa kuamkia Ijumaa, yaani Alhamisi jua likishatua, na kijana wa ofisini ataelewa Ijumaa yenyewe usiku. Andika "Alhamisi tarehe 11, jioni" na hakuna atakayekosea. "Inshallah" iandike ukipenda, nami huiandika mara nyingi, ila ije pamoja na tarehe.

Hatua ya nne: bonyeza kitufe. Ukibonyeza Maybe moja kwa moja ndani ya barua ya mwaliko kwenye Gmail, jibu huondoka bila maneno. Lifungue tukio lenyewe katika Google Calendar, ambako unaweza kuambatisha maelezo kwenye jibu lako. Kumbuka kwamba wageni wengine wanaoiona orodha ya waalikwa wanaweza kuyasoma, kwa hiyo mambo ya fedha na ya mkaguzi yaache katika barua. Pale mimi huandika tu: "Nakubali kwa masharti. Nitathibitisha 11 Septemba, 17:00." Kwa wanaotumia Outlook ya zamani (classic) kwenye kompyuta, chagua Tentative, kisha Edit the Response before Sending, uandike barua yako humo humo. Usichague Do Not Send a Response, maana tukio litaingia katika kalenda yako na mwandaaji hatapata barua yoyote kutoka kwako.

Papo hapo weka kengele mbili katika simu: moja asubuhi ya tarehe 11 ya kumkumbusha anayeliamua sharti, na nyingine saa kumi jioni, ya kuandika.

Hatua ya tano: siku ikifika. Alhamisi ile mkaguzi alinipigia saa tano asubuhi: atamaliza Jumanne. Mwekahazina alikuwa bado hajasema. Nilimfuata mwenyewe sokoni, akasema nauli ipo. Saa tisa alasiri nikaijibu barua ileile, chini ya maneno yangu ya awali: "Masharti yote mawili yametimia. Ninakuja, nitawasili Jumatano tarehe 17 jioni. Chumba sasa unaweza kukilipia." Kisha nikarudi kwenye kalenda nikabadilisha Maybe kuwa Yes. Wengi huisahau hatua hii, na mwandaaji anayehesabu vichwa kwenye kalenda bila kufungua barua humkosa mtu ambaye amekwisha kuthibitisha.

Sharti lisipotimia, andika saa ileile uliyoahidi, ubadilishe kitufe kuwa No. Na likiwa bado halijulikani, unaweza kuomba muda mara moja tu, ukitaja saa: "Mwekahazina atanijibu kesho saa tatu asubuhi (9:00), nitakuandikia saa nne (10:00), kabla hujapeleka hesabu." Saa nne ikifika bila jibu lake, jibu lako ni hapana.