Aya moja, hoja moja: somo la insha ya KCSE, karatasi ya kwanza ya Kiswahili

Una saa 1 na dakika 45, insha mbili, kila moja isipungue maneno 400. Ukigawa sawa, kila insha ina kama dakika 50. Mimi huwaambia wanafunzi wangu watenge dakika 7 za kupanga, 38 za kuandika, na zilizobaki za kusoma tena. Leo tukae kwenye kinachofanyika ndani ya aya. Tuchukue swali hili: "Bodaboda zina faida nyingi kuliko hasara. Jadili."

Hatua ya kwanza: panga kwa sentensi kamili. Wengi huandika pembeni "ajira, usafiri, hospitali, ajali" wakadhani wamepanga. "Ajira" ni jina tu, halijasema lolote. Iandike hivi: "Bodaboda zimewapa riziki vijana wasio na kazi ya kudumu." Hapo pana dai ambalo msomaji anaweza kulihoji: kivipi? Aya nzima itakuwa jibu la swali hilo, na sentensi yenyewe ndiyo itakayoifungua.

Hatua ya pili: jibu "kivipi" kabla ya kukimbilia hoja nyingine. Hii hapa ni aya ya aina ninayosahihisha kila muhula:

"Bodaboda zimeleta faida nyingi. Vijana wamepata kazi. Pia husafirisha wagonjwa hospitalini. Vilevile hufika kusiko na matatu. Hata hivyo, waendeshaji wengine hawavai kofia."

Hoja nne zimeguswa na hakuna hata moja iliyoelezwa. Sentensi ya kwanza ni pana mno, kwa hiyo chochote kinaingia. Tazama pia maneno "pia", "vilevile" na "hata hivyo". Yakijitokeza katikati ya aya, simama ukague, kwa maana mara nyingi ndiyo mlango wa hoja ngeni. Sasa tuiandike upya tukibaki na riziki peke yake:

"Bodaboda zimewapa riziki vijana wasio na kazi ya kudumu. Kijana aliyemaliza kidato cha nne na hana mtaji wa kununua pikipiki huweza kuendesha ya mtu mwingine. Jioni humpelekea mwenyewe kiasi walichokubaliana, naye akabaki na kinachozidi. Siku ya soko abiria huwa wengi, na fedha za siku hiyo humwezesha kumlipia mdogo wake karo. Bila kazi hiyo, angeshinda kijiweni akisubiri kibarua."

Maneno hayafiki 60. Aya tano au sita za namna hii, pamoja na utangulizi na hitimisho vifupi, zinakupeleka kwenye 400 bila kujaza maji. Sentensi ya pili inaonyesha nani, ya tatu kwa njia gani, ya nne matokeo, ya mwisho inarudi kwenye dai. Huna haja ya takwimu. Takwimu za kubuni hunichosha kuliko makosa ya tahajia. Kijana mmoja anayeaminika anatosha.

Hatua ya tatu: ukisoma tena, weka kidole kwenye kila sentensi uulize, "Inajibu kivipi ya sentensi ya kwanza?" Isiyojibu, ikate kwa mstari mmoja safi.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, mimi niliongeza fundi wa pikipiki na mama anayeuza chai stejini. Si riziki pia?*

Ni riziki, lakini dai lako lilitaja vijana wasio na kazi ya kudumu, na aya ikamfuata anayeendesha. Ama panua sentensi ya kwanza, "Bodaboda zimewapa riziki watu wengi, si waendeshaji pekee," ama uwape fundi na mama chai aya yao. Ukipungukiwa na hoja, wape aya yao.

*Naweza kufungua aya kwa methali?*

Unaweza, mradi dai lije mara moja baada yake. "Mgaagaa na upwa hali wali mkavu" haimwambii mtahini lolote kuhusu bodaboda hadi useme wewe.

*Je, insha ya masimulizi nayo?*

Hapo legeza. Aya ya kisa hushikwa na tukio moja au mahali pamoja, na kutangaza mapema kitakachotokea huua taharuki. Aya ibadilike tukio linapobadilika.

*Zimebaki dakika 6 na nina hoja mbili. Niziunganishe?*

La. Chagua ile unayoweza kuitolea mfano, iandike kwa sentensi tatu, kisha uhitimishe. Iliyobaki iache kabisa, hata kama uliipenda.