Ini linapoumizwa na dawa za TB: kusimamisha, kusubiri na kurudisha moja moja

Nimeandika haya baada ya kumhudumia dada mmoja mchuuzi wa samaki wakavu, hapa mpakani mashariki mwa Uganda. Alikuwa na TB ya mapafu, uzito kilo 49, VVU hana, homa ya ini B hana. Alikuwa anameza vidonge 3 vya RHZE, yaani mchanganyiko wa rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli, kila asubuhi. Wiki ya nne akarudi akisema chakula kinamchukiza hata kwa harufu.

Hatua ya 1: Kabla ya kidonge cha kwanza

Pima uzito, VVU na homa ya ini B, na uulize kuhusu pombe, waragi ikiwemo. Mwenye VVU, homa ya ini, mnywaji, mjamzito au aliyekonda sana apimwe ALT, kipimo cha damu ambacho hupanda ini likiumia, kabla ya kuanza. Mimi humpima kila mtu damu ikipatikana, kwa sababu bila namba ya mwanzo ile ya baadaye ni ngumu kuisoma. Ya dada huyu ilikuwa 28, na kikomo cha juu cha maabara yetu ni 40.

Hatua ya 2: Mkojo na macho, kila anapokuja kuchukua dawa

Rifampisini hugeuza mkojo kuwa wa rangi ya chungwa tangu siku ya kwanza, na wagonjwa huambiwa wasiogope. Hapo ndipo mtego ulipo, kwa sababu mkojo wa ini lililoumia huchukuliwa kuwa ni ule ule wa dawa. Wa dawa hukolea saa chache baada ya kumeza, kisha hufifia kufikia jioni. Wa ini ni wa kahawia kama chai ya rangi iliyokolea, hukaa hivyo mchana na usiku, na ukitikiswa kwenye kikopo povu lake ni la njano. Mara nyingi hutangulia macho kugeuka. Kwa hiyo usiulize "mkojo una rangi?" Uliza: "Jioni unafananaje?"

Macho yaangalie nje, kwenye mwanga wa jua. Chini ya taa ya chumbani nimewahi kukosea. Macho ya dada huyu yalikuwa meupe, lakini mkojo wake wa jioni ulikuwa chai tupu. Nilisimamisha dawa zote siku ile ile kabla ya majibu ya damu, na hivyo ndivyo ninavyofanya kwa kila mwenye kichefuchefu cha kudumu pamoja na mkojo wa namna hiyo.

Hatua ya 3: Mitishamba

Miaka michache nyuma tulikuwa na mzee ambaye ini lake liliumia wiki ya sita. Nilimuuliza, "Unatumia dawa za kienyeji?" Akajibu, "Hapana, musawo." Nikaandika hapana. Dawa zikasimamishwa, ALT ikashuka, tukarudisha rifampisini, ALT ikaruka tena. Tukaihukumu rifampisini, na mzee akawekwa kwenye matibabu ya miezi 12 bila hiyo dawa, ambayo ndiyo nguzo ya tiba yote. Mwezi wa tatu mke wake akataja unga wa mizizi aliokuwa anautia kwenye chai ya mumewe kila asubuhi, na hakuwa ameacha hata siku moja. Hadi leo sijui kama kosa lilikuwa la rifampisini au la ule unga. Mzee hakunidanganya: kwake ile ilikuwa chai, na swali langu lilikuwa na sauti ya polisi.

Sasa nauliza hivi: "Nyumbani mtu akikosa hamu ya kula mnampa nini?" Halafu nataja vitu kwa majina yake: majani machungu ya mululuza, mumbwa ya kusagia kwenye maji, unga wa kwenye chupa, dawa ya minyoo, ya malaria, ya kuogea. Halafu namuuliza anayepika, maana mara nyingi mgonjwa hajui alichonyweshwa. Mwisho naomba chupa yenyewe iletwe.

Sisemi kwamba mululuza ni sumu ya ini. Shida ni kwamba mchanganyiko wa sokoni hauna orodha ya vilivyomo wala kipimo, na mumbwa ni udongo uliokandwa na mimea mingi ambayo aliyeifinyanga pekee ndiye anaijua. Kwa hiyo ini likiumia huwezi kusema nani mkosaji, dawa ya hospitali au ya shangazi. Unasimamisha vyote. Parasetamoli na pombe pia, na kwa mwenye VVU dawa zake nyingine zipitiwe.

Dada yetu alikuwa akipewa mumbwa na shangazi yake tangu wiki ya pili, kwa nia njema, ili kichefuchefu cha vidonge kipoe. Nilimwita shangazi, nikamshukuru kwa uangalizi wake, nikamwonyesha karatasi ya damu, nikamwomba yeye ndiye awe mlinzi wa kwamba hakuna kinachonywewa. Huyo amekuwa msaada kuliko onyo lolote ambalo ningempa mgonjwa.

Hatua ya 4: Namba ya kusimamisha

Mwenye dalili (kichefuchefu, kutapika, maumivu chini ya mbavu za kulia): simamisha ALT ikifika mara 3 ya kikomo. Asiye na dalili: mara 5. Macho yakiwa ya njano: simamisha bila kungoja ALT. Tumia kikomo cha maabara yako, si cha kwangu. Majibu ya dada huyu yalikuwa 312, karibu mara 8.

ALT iliyopanda kidogo, chini ya mara 3, kwa mtu asiye na dalili ni jambo la kawaida wiki za mwanzo, na mara nyingi hushuka yenyewe. Usisimamishe, pima tena baada ya wiki. Na usipunguze nusu ya vidonge kwa huruma, wala kuacha dawa moja tu ikiendelea, maana hapo unafundisha vijidudu usugu.

Anayechanganyikiwa, anayesinzia mchana au anayetoka damu kwenye fizi apelekwe hospitali ya rufaa siku hiyo hiyo. Mwenye TB kali asiyeweza kungoja pia apelekwe, apewe ethambutoli, levofloksasini na sindano, ambazo haziligusi ini sana.

Hatua ya 5: Kurudisha

Ngoja ALT ishuke chini ya mara 2 ya kikomo na dalili ziishe. Pasipo maabara, ngoja wiki 2 zaidi baada ya umanjano na maumivu kuisha. Dada yetu alikaa nyumbani, mbali na soko. Siku ya 18 ALT ilikuwa 62.

Tulianza na rifampisini miligramu 450 na ethambutoli miligramu 800. Baada ya siku 7 ALT ilikuwa 55. Tukaingiza isoniazidi kwa kubadilisha rifampisini ya peke yake na vidonge 3 vya RH, vyenye rifampisini ile ile 450 na isoniazidi 225. Baada ya siku 7 nyingine: 48. Kama ingepanda, dawa ya mwisho kuingia ndiyo ingeondolewa.

Pirazinamidi sikuirudisha. Wapo wanaoijaribu mwishoni, lakini kwa ini lililofika mara 8 mimi naona faida yake haifikii hatari. Bila hiyo matibabu huwa miezi 9: miezi 2 ya RH na ethambutoli, halafu miezi 7 ya RH. Tulihesabu upya tangu siku RH ilipokamilika. Ripoti ya madhara nikaijaza kwa Mamlaka ya Taifa ya Dawa, mumbwa nikaiandika humo pamoja na vidonge.

Sasa yuko mwezi wa tatu. Shangazi ndiye anayekuja naye kuchukua dawa, na safari iliyopita alikuja na kikopo cha mkojo wa jioni bila kuombwa.