Barua ya kumwomba msambazaji abadili masharti ya malipo: hatua nilizofuata mzigo ulipochelewa mara nne

Duka langu liko Nkuhungu, Dodoma mjini. Nauza unga wa ngano na mafuta ya kula, na wateja wangu wakubwa ni mama lishe na wapika maandazi wanaokuja asubuhi kabla jua halijatoka. Mzigo nauagiza kwa msambazaji mmoja wa Dar es Salaam. Utaratibu wetu ulikuwa wa zamani: kila baada ya wiki tatu, siku ya Jumatano, naweka benki shilingi 4,800,000 zote, na mzigo unafika ndani ya siku tatu. Mwaka 2025 siku tatu zikawa saba, kisha tisa, kisha kumi na mbili. Nilipiga simu hadi nikachoka, ndipo nikaandika barua.

Hatua ya 1: Hesabu siku kabla ya kushika kalamu

Ukimwambia msambazaji "unachelewesha kila siku", atakukumbusha ile mara aliyowahi, na mazungumzo yataishia hapo. Toa slipu za benki na delivari noti, uzipange mbili mbili. Anza kuhesabu tarehe pesa ilipoingia, maana oda ya simu kila mtu anaikumbuka kivyake. Malizia tarehe mzigo uliposhushwa dukani kwako.

Hapo kuna mtego ulioninasa. Kwenye delivari noti zangu tarehe ilikuwa imeshaandikwa Dar siku ya kupakia, nami nilikuwa natia sahihi tu chini yake. Kwa karatasi hizo, mzigo haukuwa umechelewa hata siku moja! Kilichoniokoa ni daftari la dukani, ambamo kijana wangu huandika kila mfuko unaoingia stoo na siku ulioingia. Tangu hapo naandika kwa mkono wangu, pembeni ya sahihi: "Umepokelewa Nkuhungu", tarehe na saa, na dereva anatia sahihi palepale.

Hesabu yangu ilikuwa hivi:

- Nililipa 8 Januari, ukafika 11 Januari: siku 3, umewahi
- Nililipa 29 Januari, ukafika 5 Februari: siku 7, umechelewa siku 4
- Nililipa 19 Februari, ukafika 28 Februari: siku 9, umechelewa siku 6
- Nililipa 12 Machi, ukafika 15 Machi: siku 3, umewahi
- Nililipa 2 Aprili, ukafika 14 Aprili: siku 12, umechelewa siku 9
- Nililipa 23 Aprili, ukafika 30 Aprili: siku 7, umechelewa siku 4

Oda sita, nne zimechelewa, jumla siku 23. Zile mbili zilizowahi usizifiche. Ziweke ndani ya barua, kwa sababu ndizo zinazomfanya aamini nyingine nne.

Hatua ya 2: Jua kinachomchelewesha

Barua nyingi za namna hii zinakwama hapa: zinalalamikia ucheleweshaji bila kugusa chanzo chake. Mimi nilimuuliza dereva wakati anakunywa chai kibarazani. Akanieleza kwamba gari la njia ya Dodoma na Singida haliondoki mpaka lijae, na kwa kawaida linajaa Ijumaa. Oda yangu ya Jumatano ikikuta nafasi, inaondoka wiki hiyohiyo. Isipokuta, inalala ghalani kusubiri gari la wiki inayofuata, na pesa yangu tayari iko kwake.

Kwa hiyo mwenzangu hakuwa na uadui na mimi. Alikuwa na gari la kujaza, na kwa kuwa nimeshalipa, mzigo wangu haukuwa na haraka yoyote kwake. Ukilijua hilo, unajua cha kuomba na cha kutoa. Unaomba sehemu kubwa ya pesa ilipwe mzigo ukifika. Unatoa oda mapema, siku inayomsaidia kupanga gari.

Hatua ya 3: Tafuta hasara yako ya siku moja

Chukua ucheleweshaji mmoja tu na uupigie hesabu hadi mwisho. Mimi nilichukua ule wa Aprili. Katika siku zile tisa nilinunua Majengo mifuko 30 ya unga, kila mmoja ukiwa juu kwa shilingi 3,000 kuliko bei yangu ya Dar: 90,000. Madumu 24 ya mafuta, kila moja juu kwa 4,000: 96,000. Bajaji ya kubeba, safari mbili, 30,000. Jumla 216,000. Gawanya kwa siku tisa, unapata 24,000 kwa siku, ambayo ni nusu asilimia ya oda yangu.

Wateja waliohamia duka la jirani sikuwahesabu. Naamini ni hasara kubwa kuliko hiyo, ila sina karatasi ya kuithibitisha, na namba moja ya kukisia inachafua zote za kweli.

Namba hii ndiyo itakuwa makato ya kila siku ya kuchelewa. Usiitie chumvi. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inaruhusu kutaja kiasi cha fidia kwenye makubaliano, lakini mkifikishana mbele utapewa fidia inayostahili kulingana na hali, hata kama karatasi imetaja zaidi.

Hatua ya 4: Pendekeza mabadiliko anayoweza kuyameza

Wenzangu wengi wakikasirika wanadai mali kauli papo hapo: lete mzigo, nitalipa nikiuza. Kutoka kulipa yote kabla hadi kulipa baada ya mwezi ni kuruka ukuta, na msambazaji ataona unatumia ucheleweshaji kama kisingizio. Omba hatua moja. Mimi niliomba kianzio cha asilimia 30 siku ya oda, na 70 zilizobaki mzigo ukishushwa na kuhesabiwa, kabla dereva hajaondoka. Kwa oda yangu ni 1,440,000 mwanzo na 3,360,000 mwisho.

Maneno "kabla dereva hajaondoka" yana uzito kuliko asilimia zenyewe. Hofu yake kubwa ni kushusha mzigo kilomita zaidi ya mia nne kutoka kwake, halafu mwenye duka asipokee simu.

Hatua ya 5: Piga simu, kisha andika

Barua yenye mhuri ikimfikia mtu mliyezoeana bila taarifa, inasomeka kama ya wakili. Nilimpigia: "Kaka, shikamoo. Kesho nitakutumia barua kuhusu malipo. Usishtuke, nataka tuendelee vizuri." Akacheka kidogo, akasema ilete. Barua yenyewe ilikuwa hii:

> S.L.P. (namba yangu),
> Dodoma.
> 6 Mei 2025
>
> Mkurugenzi,
> (jina la kampuni na anwani),
> Dar es Salaam.
>
> YAH: MAPENDEKEZO YA UTARATIBU MPYA WA MALIPO
>
> Husika na kichwa cha habari hapo juu.
>
> Kati ya Januari na Aprili 2025 nimelipia oda sita, kila moja shilingi 4,800,000, kwa makubaliano ya kupokea mzigo ndani ya siku tatu. Oda mbili zilifika kwa wakati, nakushukuru. Nne zilichelewa kwa jumla ya siku 23. Orodha ya tarehe, nakala za slipu na kurasa za daftari la kupokelea mzigo nimeziambatanisha.
>
> Ucheleweshaji wa Aprili pekee ulinigharimu shilingi 216,000 kwa kununua bidhaa hapa Dodoma kwa bei ya juu.
>
> Naelewa kuwa gari la njia hii linasubiri kujaa. Kwa hiyo napendekeza, kuanzia oda ya Jumatatu tarehe 19 Mei 2025:
>
> 1. Nitatoa oda na kulipa kianzio cha asilimia 30 Jumatatu badala ya Jumatano, na mzigo ufike dukani ndani ya siku tano badala ya tatu.
> 2. Asilimia 70 nitalipa kwa benki mzigo ukishushwa na kuhesabiwa, kabla dereva hajaondoka.
> 3. Kila siku ya kuchelewa, shilingi 24,000 zipunguzwe kwenye malipo ya mwisho.
> 4. Ucheleweshaji ukizidi siku saba, niwe na haki ya kufuta oda na kurudishiwa kianzio.
>
> Naomba jibu kwa maandishi kabla ya tarehe 13 Mei 2025. Ukikubali, tafadhali tia sahihi na mhuri kwenye nakala ya pili na kuirudisha kwangu.
>
> Wako katika biashara,
> (sahihi, jina, mhuri wa duka)

Angalia kipengele cha kwanza. Nimempa siku mbili zaidi kabla sijamwomba chochote. Siku hizo hazikuniumiza, kwa sababu stoo inaweza kusubiri siku tano ninazozijua. Siku tatu zinazogeuka kumi na mbili ndizo zilizoniumiza.

Kipengele cha nne usikiache. Bila muda wa kikomo ulioandikwa, kufuta oda kwa kuchelewa ni jambo la kubishania, kwa sababu si kila mkataba muda ndio kiini chake.

Hatua ya 6: Tuma kwa njia mbili

Piga picha utume Watsapu ili aione siku hiyohiyo, na nakala mbili za karatasi umpe dereva au uzitume kwa basi. Jibu la Watsapu linasaidia, ila nakala yenye sahihi na mhuri ndiyo ya kuweka kwenye faili. Akijibu kwa simu tu, mwandikie ujumbe palepale: "Kama tulivyoongea leo, umekubali moja, mbili, tatu." Akinyamaza, usichukulie kuwa amekubali. Oda inayofuata ipunguze iwe nusu, na umwambie kwa nini.

Hatua ya 7: Jiandae kukutana katikati

Wangu alijibu tarehe 12. Asilimia 30 aliikataa, akasema haitoshi hata kumlipia mzigo kiwandani. Akataka nusu kwa nusu, na makato yaanze siku ya tatu ya kuchelewa, kwa sababu gari linaweza kuharibika Morogoro bila kosa la mtu. Nilikubali yote mawili. Nusu kwake ilikuwa hatua kubwa, na kwangu 2,400,000 zilizobaki mkononi zilitosha kumfanya akumbuke mzigo wangu. Nilichokataa ni kulegeza kipengele cha kulipia mlangoni.

Jambo moja tulisahau wote wawili, tukaliongeza kwa kalamu: makato yapunguzwe kabla ya risiti ya EFD ya malipo ya mwisho kutolewa. Risiti ikitoka na kiasi kikubwa kuliko ulicholipa, hesabu zako za kodi na zake hazitalingana.

Oda ya 19 Mei ilifika Jumamosi tarehe 24. Tulihesabu mifuko, nikatuma pesa, dereva akasubiri kibarazani mpaka bosi wake alipompigia kwamba imeingia. Ya 9 Juni ilitakiwa ifike tarehe 14, ikafika Jumanne tarehe 17: siku tatu za kuchelewa, makato ya siku moja. Nililipa 2,376,000. Hakubisha, na risiti zake mbili nilipozijumlisha zilisoma 4,776,000.