Kadi ya benki inayotoa maili: namna ya kupima kama ada yake ya mwaka inarudi

Wiki iliyopita shemeji yangu alinitumia picha ya taarifa ya kadi yake na ujumbe mfupi: "Shemeji, maili zangu 1,200 zimeliwa, na benki inataka ada tena. Niilipe?" Tulikaa naye jioni nzima. Maili hizo, yaani pointi za kununulia tiketi za ndege, hazikuliwa na mtu, na jibu la swali la ada lilikuwa tofauti na alivyotarajia. Ninaandika hatua tulizopitia. Hesabu zetu ziko kwa dola kwa sababu ndivyo kadi yake inavyohesabu. Wewe weka sarafu yako, njia ni ileile.

Kadi yenyewe iko hivi. Ada ni dola 95 kwa mwaka. Inatoa maili 2 kwa kila dola ya tiketi iliyonunuliwa kwa shirika la ndege ambalo jina lake liko kwenye kadi, na maili 1 kwa kila dola ya matumizi mengine. Kwa mwaka mzima alitumia dola 2,400 kwa tiketi na dola 3,000 kwa mambo mengine.

Hatua ya 1: Hakikisha hulipi riba

Kama hulipi deni lote la kadi kila mwezi, ishia hapa. Riba ya mwezi mmoja kwa kawaida inazidi thamani ya maili ulizopata mwezi huo, na hakuna hesabu ya chini itakayokuokoa.

Hatua ya 2: Tenganisha maili za kadi na maili za safari

Shemeji alikuwa akisoma jumla ya maili kwenye akaunti yake ya abiria, anaiona kubwa, anaamini kadi ndiyo imeileta. Lakini abiria yeyote aliyejiandikisha hupata maili kwa kuruka tu, hata akilipa kwa fedha taslimu. Mpango wake hutoa maili 5 kwa kila dola ya nauli, kodi za serikali zikiwa zimetolewa. Kwenye zile dola 2,400, nauli ilikuwa dola 1,800, kwa hiyo maili 9,000 zilitokana na safari. Hizo zifute kabisa kwenye hesabu ya ada, maana angezipata bila kadi.

Kilichobaki kilitakiwa kuwa 4,800 za tiketi na 3,000 za matumizi mengine, jumla 7,800. Akaunti ilionyesha 6,600. Hapo ndipo zilipokosekana zile 1,200.

Hatua ya 3: Angalia ni nani aliyekutoza, siyo ndege ya nani uliyopanda

Hatua hii ndiyo iliyokula jioni yetu, na mimi mwenyewe miaka ya nyuma ilinipotezea siku mbili za kubishana na huduma kwa wateja. Kwa hiyo nitaieleza kwa kirefu.

Benki haiioni tiketi yako. Inachokiona ni jina la aliyekata fedha kwenye kadi pamoja na namba ya tarakimu nne inayoeleza aina ya biashara yake, ambayo kwenye nyaraka za kadi huandikwa MCC. Mashirika mengi makubwa ya ndege yana namba zao maalumu kuanzia 3000 hadi 3299. Mengine hutumia 4511. Mawakala wa safari hutumia 4722. Mashine ya benki ikiona 4722 inatoa maili 1, hata kama tiketi ni ya shirika lilelile lililo kwenye kadi. Hakuna mtu anayekaa kuisoma risiti yako.

Tulipopitia taarifa ya mwaka mstari kwa mstari, tiketi zenye thamani ya dola 1,200 zilikuwa na jina la tovuti ya wakala. Zilipata maili 1,200 badala ya 2,400. Basi, fumbo likaisha.

Lakini usihitimishe kwamba kila wakala anakunyima maili. Baadhi ya tovuti za mawakala huchukua namba ya kadi yako na kuipeleka kwa shirika la ndege, nalo shirika ndilo linalokata fedha. Hapo utaona mistari miwili kwenye taarifa: mmoja mkubwa wenye jina la shirika la ndege, na mmoja mdogo wenye jina la wakala, ambao ni ada yake ya huduma. Ule mkubwa unapata maili kamili. Tovuti ileile inaweza kufanya hivi kwa tiketi moja na vingine kwa tiketi nyingine, kwa hiyo usitegemee uzoefu wa safari iliyopita. Soma masharti yaliyo kwenye ukurasa wa malipo, sehemu inayosema nani atatoza kadi yako. Ukinunua ndege na hoteli kwa pamoja kama kifurushi, tarajia namba ya wakala.

Kuna mtego mwingine kwenye ndege zinazouzwa na mashirika mawili. Ukinunua kwenye tovuti ya shirika mshirika, aliyekutoza ni mshirika, hata kama ndege utakayopanda ina rangi za shirika lako. Kadi inayotoa maili za ziada kwa shirika moja tu itakupa maili za kawaida. Nunua kwa shirika lenye jina kwenye kadi, hata kama atakayekurusha ni mwenzake.

Malipo yanayopitia kwa mtu wa kati, kama pochi za simu na mifumo ya kulipa kidogokidogo, nayo huweza kufika benki yakiwa na namba nyingine. Mimi tiketi huzilipia kwa kuandika namba ya kadi kwenye tovuti ya shirika, basi. Ni kazi ya dakika mbili zaidi na haijawahi kuniangusha.

Kama una shaka, jaribu kwa kitu kidogo kwanza, kwa mfano kulipia kiti unachokitaka kwenye safari uliyokwisha kuinunua. Kisha subiri. Muamala ulioandikwa kuwa bado unashughulikiwa haujakamilika, na jina au aina ya biashara inaweza kubadilika ukikamilika. Uamuzi ufanye baada ya maili kuonekana kwenye taarifa ya mwezi. Na kumbuka kwamba tiketi ikirudishwa fedha, maili zake nazo huondolewa, wakati mwingine mwezi unaofuata, jambo linalowafanya watu wadhani wameibiwa.

Hatua ya 4: Pata thamani ya maili moja kwa safari yako wewe

Usichukue thamani iliyotajwa kwenye tangazo la kadi. Tafuta safari ambayo ungeinunua kweli, tarehe zilezile, daraja lilelile, kisha linganisha bei ya fedha na bei ya maili. Mimi hutumia jedwali la kompyuta na sipendi vikokotoo vya tovuti za benki, kwa sababu huwezi kuona kilichohesabiwa ndani.

Safari ya shemeji iliuzwa dola 310. Kwa maili ilikuwa maili 18,000 pamoja na dola 94 za kodi na tozo. Hizo 94 watu huzisahau. Kwenye mchanganuo wa bei utaona kodi za viwanja vya ndege na serikali, na mara nyingi tozo ya shirika lenyewe yenye alama YQ au YR, ambayo mashirika mengi huidai hata kwenye tiketi ya maili.

Kuna kitu kimoja zaidi: tiketi ya maili kwa kawaida haikuletei maili mpya. Angelipa fedha, nauli ya dola 220 iliyomo kwenye ile 310 ingempa maili 1,100. Hizo amezikosa, kwa hiyo zinaingia kwenye gharama.

```
=(310-94)/(18000+1100)
```

Jibu ni 0.0113, yaani senti 1.13 kwa maili. Rudia kwa safari mbili tatu za kwako kisha uchukue ya chini. Kiti cha daraja la juu kitakupa namba nzuri sana, lakini kama usingekilipia kwa fedha, namba hiyo haikuhusu.

Hatua ya 5: Linganisha na kadi ambayo ungeitumia badala yake

Shemeji ana kadi nyingine isiyo na ada, inayorudisha asilimia 1 ya matumizi. Kwa dola 5,400 ingemrudishia dola 54. Kadi ya maili ilimpa maili 6,600, sawa na dola 74.58. Kwa hiyo faida halisi ya kuibeba ni takriban dola 20, dhidi ya ada ya 95.

Angenunua tiketi zote moja kwa moja kwa shirika, angepata maili 7,800, sawa na dola 88.14, na faida ingekuwa dola 34. Bado haitoshi.

Kikaja kifungu cha kadi kinachotoa begi la bure kwenye ndege. Alisema kinampa faida kila safari. Nilimwuliza, ni safari ngapi ungelilipia begi kweli? Tiketi zake nyingi tayari zinajumuisha begi. Ni safari moja tu, kwenda na kurudi, ambayo angelipa dola 30 kila upande. Kwa hiyo tuliandika 60, siyo zaidi. Ukijumlisha 34 na 60 unapata 94. Ada ni 95.

Ukitaka kujua kiwango chako mwenyewe, fanya hivi: kila dola ya tiketi inaleta senti 2.26 za maili, toa senti 1 ya kadi nyingine, inabaki 1.26. Gawanya ada kwa hiyo.

```
=95/0.0126
```

Ni karibu dola 7,540 za tiketi kwa mwaka bila begi. Ukitoa zile 60 za begi kwenye ada, zinabaki 35, na kiwango kinashuka hadi karibu dola 2,780.

Hatua ya 6: Tozo ya fedha za kigeni

Kama shirika linatoza kwa sarafu isiyo ya kadi yako, angalia asilimia ambayo benki inaongeza. Asilimia 3 kwenye tiketi za dola 2,400 ni dola 72, na hiyo peke yake inamaliza faida yote ya maili tuliyoipata juu.

Hatua ya 7: Kabla ya kufunga

Weka kumbusho kwenye simu mwezi mmoja na nusu kabla ya tarehe ya ada. Kisha jua maili zako ziko wapi. Za kadi yenye jina la shirika la ndege kwa kawaida zimekwisha kuingia kwenye akaunti yako ya abiria, na hubaki hapo hata kadi ikifungwa. Lakini pointi zinazotunzwa na benki yenyewe mara nyingi hufutika siku kadi inapofungwa, kwa hiyo zihamishe kwanza, uzione zimefika, ndipo upige simu. Hamisha ukiwa umekwisha kuona kiti, kwa sababu pointi zikishakuwa maili hazirudi benki.

Ukipiga, uliza kama wana kadi ya aina hiyohiyo isiyo na ada. Shemeji alipewa. Inatoa maili 1 tu na haina begi, na tiketi ya mwezi ujao ameinunua nayo kwenye tovuti ya shirika.